Mjomba, sare ilikataa mara nane

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni bodaboda hapa Dodoma, kijiwe changu kipo Nkuhungu. Nina mke na mtoto mmoja. Pikipiki ni ya mkataba, kila siku napeleka hesabu ya 10,000. Tangu mwaka jana nabeti mechi za kompyuta, zile zinazochezwa kila baada ya dakika tatu kwenye runinga ya dukani na kwenye simu. Matokeo naandika kwenye daftari, na nimeona sare ikikosekana muda mrefu lazima ije. Kwa hiyo zikipita mechi tano bila sare naanza kuifuata kwa 500, nikiliwa nadabo. Mwezi uliopita nilidabo mara nane, sare ikakataa. Hesabu ya bosi ya wiki nzima ikaenda, pamoja na akiba ya mke wangu ambayo hajui kama nimeigusa.

Kijiweni kuna anayesema hizo ni mechi za zamani za Ulaya zinarudiwa. Mwingine anasema kampuni inatazama tumebetia nini halafu inatoa kinyume. Na Telegramu yupo jamaa anauza kodi za matokeo. Alinipa mbili za bure, zote zikatiki. Ya tatu nikamlipa 30,000, ikachanika. Sasa anataka 50,000 anipe "ya uhakika".

Naomba unieleze, matokeo yanatoka wapi hasa? Kuna mtu anayajua kabla? Na hiyo 30,000 yangu naweza kuipata?

Bodaboda wa Nkuhungu

—

Marahaba, mpwa wangu. Mbukwa.

Nianze na chanzo cha matokeo, maana mengine yote yanasimama juu yake. Hakuna uwanja, hakuna wachezaji, wala hakuna filimbi iliyopulizwa mahali popote duniani. Mechi unayoitazama imetoka kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayotengeneza michezo ya aina hiyo. Kampuni hiyo mara nyingi siyo ile uliyoona jina lake mlangoni pa duka. Mwenye duka ananunua huduma tu, na mtengenezaji anaweza kuwauzia wengi kwa wakati mmoja, katika nchi nyingi.

Ndani ya seva kuna programu ambayo kazi yake ni kutoa namba nasibu. Ikitengenezwa vizuri, hata ukipewa orodha ya namba zote ilizokwisha kutoa huwezi kujua inayofuata. Matokeo ya mechi ni tafsiri ya namba hizo, basi. Nikupe mfano unaoweza kuufanya jikoni kwako leo jioni. Chukua kopo, tia punje 45 za mahindi, 30 za karanga na 25 za kunde. Jumla punje 100. Mahindi ni mwenyeji kushinda, karanga ni sare, kunde ni mgeni kushinda. Fumba macho, tikisa, chota punje moja. Umeshapata matokeo ya mechi. Sasa irudishe punje hiyo ndani, tikisa tena, na mechi ya pili iko tayari.

Seva inafanya hivyo hivyo kwa namba badala ya punje. Tuseme inatoa namba kati ya 0 na 9,999. Ikiwa chini ya 4,500, mwenyeji ameshinda. Kuanzia 4,500 hadi 7,499 ni sare. Kuanzia 7,500 kwenda juu, mgeni ameshinda. Halafu namba nyingine inachagua idadi ya magoli, kama ni moja kwa bila au tatu kwa mbili, kwa kuwa kila idadi nayo imepewa fungu lake. Zipo programu zinazoanza na magoli ya kila timu na kupata mshindi kutoka humo, lakini tofauti hiyo haikuhusu wewe uliye na tiketi mkononi. Kinachokuhusu ni kwamba mafungu yalipangwa na mtengenezaji kabla. Kila timu imepewa kiwango cha nguvu, ambacho ni tarakimu tu ndani ya programu, na kutokana na viwango vya timu mbili zinazokutana ndipo zinapatikana hizo 45, 30 na 25. Odi unazoziona, yaani mara ngapi ya dau lako unalipwa ukishinda, zinatoka kwenye mafungu hayo hayo.

Sasa tazama dakika tatu zako zinavyokwenda. Odi zinafunguliwa, saa inahesabu kurudi nyuma, watu wanaweka. Sekunde chache kabla ya mpira kuanza dirisha linafungwa. Namba inachotwa, matokeo yanaandikwa kwenye seva pamoja na namba ya mechi na saa yake. Baada ya hapo ndipo programu inatafuta vipande vya picha vinavyolingana na matokeo hayo na kuviunganisha: shambulio hili, kona ile, goli la dakika ya 34. Wewe unaposhika kichwa kwa sababu shuti limegonga mwamba dakika ya 89, mechi ilishaisha kabla picha haijaanza. Mwamba ule umewekwa ili ukae kitini. Haumaanishi kwamba sare "ilikuwa karibu". Hapakuwa na karibu wala mbali, palikuwa na punje moja iliyochotwa.

Hapo pia utaelewa kwa nini wale wanaotazama simu iliyotangulia kidogo mbele ya runinga ya duka hawafaidiki. Picha inaweza kuchelewa njiani, lakini dirisha la kubeti linafungwa kwa saa ya seva, wala si kwa kile kinachoonekana ukutani. Tiketi iliyofika baada ya hapo inakataliwa. Keshia hawezi kukusaidia hata akitaka, kwa sababu naye anaona unachokiona.

Kuhusu mechi za zamani, jamaa yako wa kijiweni hajatunga kila kitu. Kwenye mbio za mbwa na farasi baadhi ya watengenezaji kweli hutumia picha za mbio zilizokimbiwa zamani, wakaondoa majina na tarehe. Mpira kwa kawaida ni katuni iliyochorwa na kompyuta. Lakini hata kwenye picha za kweli utaratibu haubadiliki: namba inachotwa kwanza, tuseme mbwa namba 4, kisha programu inatafuta kipande ambacho mbwa namba 4 alishinda. Mtu mwenye kumbukumbu ya mbio zote za dunia angehitaji kujua kipande gani kitachezwa, na kipande hicho kinachaguliwa baada ya dirisha kufungwa. Kumbukumbu yake itamsaidia kujua mshindi sekunde kumi kabla yako, wakati hakuna tena pa kuweka hela.

Uliyeangalia Dodoma Jiji ikicheza Jamhuri unajua mpira wa kweli unavyobeba habari. Kipa kaumia mazoezini, timu ngeni imesafiri usiku kucha kutoka Bukoba, mshambuliaji anatumikia kadi nyekundu. Mtu makini anaweza kuzijua habari hizo na zikawa na uzito katika kile kitakachotokea. Mechi ya kompyuta haina habari ya aina hiyo hata moja. Timu yenye jezi nyekundu na jina la kukumbusha klabu fulani ya Uingereza haijui kwamba klabu hiyo ipo. Ikishinda Jumamosi ile ile ambayo klabu ya kweli imeshinda, hiyo ni sadfa iliyosaidiwa na mtengenezaji kuipa timu yenye jina kubwa kiwango kikubwa. Na kiwango hicho tayari kimo ndani ya odi, ndiyo maana inalipa kidogo.

Ukitaka ushahidi kwamba kamba kati ya hivi viwili haipo, kumbuka mwaka 2020. Ligi yetu ilisimamishwa mwezi Machi kwa ajili ya korona na ikarudi Juni, na ligi karibu zote za Ulaya zilisimama. Mechi za kompyuta ziliendelea kama kawaida, usiku na mchana. Uingereza walifika mbali zaidi. Mbio zao kubwa za farasi za Grand National, zilizokuwa zikimbiwe Aprili mwaka huo, zilifutwa, televisheni ikaonyesha mbio za kompyuta mahali pake, na farasi aitwaye Potters Corner akatangazwa mshindi. Farasi mwenyewe siku hiyo hakukimbia mbio hizo. Ile ya Waingereza angalau ilijaribu kutumia rekodi za farasi halisi kupanga mafungu, lakini mwishoni bado ni kuchota. Hizi zako za dakika tatu hazina hata hilo.

Sasa nije kwenye daftari lako, maana hapa ndipo hela ilipopotelea.

Kwanza nikusifu kwa jambo moja: kuandika. Wengi wanakumbuka kwa kichwa, na kichwa kinahifadhi zile zilizotiki. Lakini daftari umelisoma kwa kutafuta unachokiamini. Rudi kwenye kopo. Umechota mara tano, karanga haikutoka. Je, punje za karanga zimeongezeka ndani ya kopo? Zipo 30 vile vile, kwa kuwa kila punje uliyochota uliirudisha. Mchoto wa sita una karanga 30 kati ya 100, sawasawa na mchoto wa kwanza. Seva haina mahali inapoandika kwamba "sare inadaiwa".

Usiniamini kwa maneno, lihoji daftari lenyewe. Tafuta mechi 300 zilizofuatana za ligi moja. Hesabu sare zote, gawanya kwa 300, upate kiwango chake cha kawaida. Tuseme ni 30 kwa mia, ingawa yako inaweza kuwa 27 au 28 kulingana na timu zinazokutana. Halafu pita tena toka juu, na kila mahali ambapo mechi tano zimefuatana bila sare weka alama kwenye mechi ya sita. Alama zitakuwa kama 50. Kama sare kweli "inakuja" baada ya kukosekana, sehemu kubwa ya mechi hizo 50 zitakuwa sare. Kama mimi nasema kweli, utakuta sare 15 hivi, inaweza kuwa 11 au 19, yaani karibu na 30 kwa mia ile ile ya kawaida. Fanya kazi hiyo bila kubeti hata mia. Kalamu na daftari vinatosha.

Na mbona sare ilikataa mara 13 mfululizo, tano za kungoja na nane za kudabo? Kwa sababu ni kawaida. Ligi moja inayocheza kila dakika tatu ina mechi 480 kwa siku. Katika mechi 480 zenye sare 30 kwa mia, mfululizo mrefu kuliko yote usio na sare kwa kawaida unafika 13 au 14. Siku ile hapakuwa na uchawi wala wizi. Ulikuwepo tu wakati mfululizo mrefu wa siku ulipopita.

Kudabo kwenyewe nakuandikia hapa namba zake, kwa sababu naamini hujawahi kuziweka mstari mmoja: 500, 1,000, 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000, 64,000. Jumla 127,500. Dau la tisa lingekuwa 128,000 peke yake. Sasa tazama upande wa pili. Kwa odi ya 3.00, sare ikija kwenye dau la kwanza unapata faida ya 1,000. Ikija kwenye la pili, 1,500. Kwenye la tatu, 2,500. Karibu mara mbili katika kila tatu mchezo unaishia hapo, na ndiyo maana ulijiona umepata njia: jioni nyingi ulirudi na elfu mbili tatu za mboga. Lakini uwezekano wa kukosa sare mara nane mfululizo ni kama 6 kwa mia. Maana yake, ukiianza mbinu hii mara 17 hivi, tegemea mara moja ikufikishe pale ulipofika mwezi uliopita. Wewe ulikuwa unaianza mara ngapi kwa wiki? Jibu hilo unalo wewe.

Yupo atakayekwambia mtaji mkubwa ungekuokoa. Usimsikilize. Dau lina kikomo ambacho kampuni imekiweka, na mfululizo wa sare kukosekana hauna kikomo.

Sasa hili la kampuni kutazama madau na kutoa kinyume. Ninaelewa kwa nini unalihisi, niliwahi kufanya kazi upande wa pili wa dirisha na nilisikia lawama hiyo kila siku. Kwenye mchezo wenye leseni na uliopimwa, programu ya kuchota hairuhusiwi kujua nani kaweka nini. Zipo maabara zinazoajiriwa kupima jambo hilo, mojawapo inaitwa GLI, na wanachofanya ni kuchukua namba nyingi sana kutoka kwenye programu na kuzipima kama zinafuata mafungu yaliyotangazwa na kama hazina mpangilio. Kwenye tovuti isiyo na leseni hakuna aliyepima, kwa hiyo huko siwezi kumtetea mtu. Leseni hapa kwetu inatolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na kampuni yenye leseni haioni shida kukuonyesha.

Lakini sababu kubwa kuliko maabara ni kwamba kampuni haihitaji kukuibia. Rudi kwenye mechi yetu ya 45, 30 na 25. Odi za haki zingekuwa 2.22 kwa mwenyeji, 3.33 kwa sare, 4.00 kwa mgeni. Ubaoni utakuta 2.00, 3.00 na 3.60. Kipande kidogo kimekatwa kila upande. Piga hesabu: 45 kwa mia mara 2.00 ni 0.90. 30 kwa mia mara 3.00 ni 0.90. 25 kwa mia mara 3.60 ni 0.90. Popote utakapoweka, katika kila shilingi 1,000 kampuni inategemea kukurudishia 900. Kampuni ikipoteza mechi hii haijali, ina mechi 479 nyingine leo.

Namna ya kuliona hili mwenyewe ubaoni ni rahisi. Gawanya 1 kwa kila odi ya mechi moja, kisha jumlisha. Kwa mfano wetu, 1 ÷ 2.00 ni 0.500, 1 ÷ 3.00 ni 0.333, 1 ÷ 3.60 ni 0.278. Jumla 1.111. Kingekuwa kinalipwa chote, jumla ingekuwa 1 kamili. Kadiri inavyozidi 1 ndivyo mkato ulivyo mkubwa. Nimeshaona mechi za kompyuta zenye mkato mkubwa kuliko huu, na watu wanaweka bila kutazama. Ukifunga mkeka wa mechi tano, mkato unajizidisha: 0.90 mara tano kwa yenyewe ni 0.59. Katika kila 1,000, tegemeo lako ni 590, hata kabla ya kodi ya serikali kukatwa kwenye ushindi.

Kinachoumiza zaidi kwenye hizi mechi ni mwendo. Mtu anayebeti ligi ya kweli ana Jumamosi na Jumapili, akiliwa anakaa wiki anauguza. Wewe ukiweka 1,000 kila dakika tatu umeweka 20,000 kwa saa, na mkato wa kumi kwa mia ni 2,000 kwa saa. Saa tano za kungoja abiria kijiweni zinafikia hesabu ya bosi ya siku nzima. Inaondoka taratibu, huku baadhi ya mikeka ikitiki, na kwa sababu inatiki huoni inapoondokea.

Tumalize na jamaa wa Telegramu.

Hakuna anayeyajua matokeo kabla kwa njia anayoweza kukuuzia. Nasema hivyo nikijua kwamba udanganyifu wa ndani umewahi kutokea kwenye michezo ya namba nasibu. Marekani, Eddie Tipton alikuwa mkuu wa usalama wa mitambo kwenye chama cha bahati nasibu cha majimbo. Alipachika maandishi yake ndani ya programu ya kuchota, yaliyofanya namba za siku chache maalumu za mwaka ziweze kukisiwa. Desemba 2010 akanunua tiketi iliyoshinda dola milioni 16.5 jimboni Iowa. Fedha hizo hazikulipwa, picha za kamera ya duka zikamsaliti, na mwaka 2017 akahukumiwa kifungo cha hadi miaka 25. Ilimlazimu awe ndani kabisa, aguse programu yenyewe. Na alipokuwa nayo hakukaa akiiuza kwa watu asiowajua kwa bei ya mafuta ya pikipiki.

Zile kodi mbili zilizotiki alizipataje basi? Bila kujua lolote. Tuseme ana watu 90 wapya. Kwa 30 anaandika mwenyeji, kwa 30 sare, kwa 30 mgeni. Mechi ikiisha, watu 30 wamepata kodi sahihi, na 60 waliobaki anawaacha. Wale 30 anawagawa tena kumi kumi kumi. Sasa kuna watu kumi walioona kwa macho yao kodi mbili za bure zikitiki, na wewe ni mmoja wao. Kumi hao hawajui kwamba kulikuwa na 80 wengine. Hapo ndipo anaomba hela. Ya tatu anagawa tena, watatu au wanne watashinda na wataapa mbele ya watu kwamba jamaa ni wa kweli, na ushahidi wao ndio atakaoubandika kwenye kundi kesho. Hiyo 50,000 usitume. Kumtumia hakumfanyi ajue zaidi.

Wapo pia wanaouza programu ya kupakua eti "inasoma seva". Hiyo ni hatari kuliko kodi, kwa sababu ukiiweka kwenye simu unaweza kuwa umempa mtu mlango wa kuona meseji zako na namba ya siri ya fedha zako.

Kuhusu hela zilizokwenda. Ya bosi, nenda kamwambie mwenyewe kabla hajaja kuuliza, na uende na pendekezo mkononi, kwa mfano kuongeza 2,000 juu ya hesabu ya kila siku mpaka 70,000 iishe. Hiyo ni siku 35. Wenye pikipiki za mkataba wanaogopa dereva anayezima simu kuliko anayedaiwa. Ya mke wako ni ngumu zaidi na sina maneno ya kukupa uyapeleke, ila mwambie kiasi chenyewe, usipunguze, kwa sababu ukipunguza utalazimika kubeti ili ujaze pengo la uongo. Na umwombe awe anashika hela ya jioni kwa muda. Upande wa kampuni, waandikie wakufungie akaunti. Usiishie kufuta programu kwenye simu, maana kuirudisha ni kazi ya dakika moja. Mweleze na rafiki mmoja wa kijiweni, mbadilishe pa kuegesha kama mnaegesha jirani na duka.

30,000 ya Telegramu sitakudanganya, kwa kawaida hairudi, kwa sababu anayepokea huitoa ndani ya dakika chache. Lakini usiiache hivi hivi. Hifadhi meseji ya muamala yenye namba ya kumbukumbu na jina lililotokea, piga picha mazungumzo kabla hajayafuta, kisha piga huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia ujue kama bado kuna salio la kuzuiliwa. Namba yake itume kwenda 15040, ile ya TCRA ya kupokea taarifa za matapeli wa simu, na uende kituo cha polisi ukiwa na hayo yote uandikiwe taarifa. Wengine aliowatapeli kama wewe huenda nao wamekwenda, na namba moja ikilalamikiwa na watu kumi inafungwa upesi kuliko ikilalamikiwa na mmoja.